Kukadiria pampu ya upepo Lamu na Malindi: hesabu ianze na mwezi wa Machi

Mwezi wa Machi mwaka mmoja nilisimama kando ya kisima upande wa Kakuyuni, bara ya Malindi, nikitazama chuma cha pampu ya upepo kikipanda kiasi cha shibiri moja, kikasita, kisha kikarudi chini bila kufika juu. Mapanga yake yanayozungushwa na upepo yaliyumba nusu mzunguko, yakarudi nyuma, yakayumba tena. Mwenye shamba aliniuliza, "Bwana shamba, mashine hii ndiyo ile ile iliyokuwa ikijaza tangi mwezi wa saba mpaka maji yanamwagika. Imeharibika nini?" Tuliikagua pamoja: grisi ilikuwepo, valvu zilifunga sawasawa, na ngozi ya pistoni haikuwa imechakaa. Hakukuwa na kilichoharibika. Fundi aliyeiuza alipima upepo kwa wiki mbili za Julai, kusi ikiwa imepamba moto, akachagua ukubwa wa mapanga kwa kipimo hicho.

Ili kuelewa kosa hilo, fikiria fremu ya dirisha yenye upana wa mita 1 na urefu wa mita 1, imesimamishwa kuukabili upepo. Upepo ukivuma kwa kasi ya mita 3 kwa sekunde, kila sekunde hupita ndani ya fremu hiyo mita 3 za ujazo za hewa, na kwa kuwa mita moja ya ujazo ya hewa ina uzito wa kilo 1.2 hivi, hizo ni kilo 3.6. Kila kilo ya hewa inayokwenda hubeba nishati ambayo ni nusu ya kasi yake iliyozidishwa kwa kasi hiyo hiyo, yaani jouli 4.5 kwa kasi ya mita 3. Kilo 3.6 mara jouli 4.5 ni wati 16 tu. Sasa upepo uongezeke hadi mita 6 kwa sekunde. Hewa inayopita huwa maradufu, kilo 7.2, na hapo watu wengi hukomea, wakidhani nguvu nayo imekuwa maradufu. Lakini kila kilo sasa inabeba jouli 18, ambazo ni mara nne ya zile za mwanzo, kwa hiyo jumla ni wati 130. Kasi imeongezeka mara mbili, nguvu imeongezeka mara nane.

Hiyo ndiyo maana ya kusema kwamba nguvu ya upepo hufuata kipeo cha tatu cha kasi yake: kasi huingia mara moja kwa wingi wa hewa inayofika, na mara mbili kwa nishati iliyomo katika kila kilo. Upepo ukipungua kwa moja ya tano tu, nguvu hupungua karibu nusu. Na mpimaji akikosea kipimo cha kasi kwa asilimia 10 kwenda juu, nguvu aliyoiandika kwenye karatasi huwa imezidi ile halisi kwa theluthi moja.

Katika pwani yetu jambo hili lina uzito wa pekee, kwa sababu mwaka wetu umegawanywa na pepo mbili ambazo kila nahodha wa Lamu anazijua. Kusi huvuma kwa nguvu kuanzia Mei na kushika kasi Juni hadi Agosti, wakati ardhi bado ina unyevu wa masika. Kaskazi huja Desemba pamoja na jua kali, na inapofifia mwezi wa Machi tunaingia katika majira ya tanga mbili, upepo ukiwa mchache na usio na mwelekeo mmoja, ilhali mvua ya masika bado haijateremka. Kwa hiyo mwezi ambao mboga na mifugo vinadai maji mengi zaidi ndio mwezi ambao upepo ni haba. Pampu hukadiriwa kwa mwezi huo. Wastani wa mwaka haufai, kwa sababu unachanganya kusi na tanga mbili na kutoa upepo ambao mkulima hatauona mwezi wa Machi.

Tufanye hesabu ya shamba la mfano. Mkulima ana robo tatu ya eka ya mchicha, bamia na biringani chini ya umwagiliaji wa matone, na mwezi wa Machi anahitaji mita 20 za ujazo kwa siku, yaani lita 20,000, pamoja na maji ya mbuzi na ya nyumbani. Maji yamo mita 13 chini ya mdomo wa kisima wakati pampu inafanya kazi, tangi limejengwa kwenye mwinuko wa mita 5 juu ya mdomo huo, na tunaongeza mita 2 kwa ajili ya ukinzani wa mabomba. Jumla ya kupandisha ni mita 20. Kuinua lita moja kwa mita moja huhitaji jouli 9.81, na kazi yote ya siku ikigawanywa kwa sekunde 86,400 za siku nzima, tunapata wastani wa wati 45. Nguvu hiyo inaonekana ndogo, nayo kweli ni ndogo. Ugumu uko katika kuipata kutoka kwenye upepo mwembamba.

Kwa pampu ya pistoni iliyooanishwa vizuri na mapanga yake, kanuni ya kukadiria inayotumiwa ni hii:

```
P = 0.1 × A × V³
```

P ni wati zinazofika kwenye maji, A ni eneo la duara linalofagiwa na mapanga kwa mita za mraba, na V ni wastani wa kasi ya upepo wa mwezi kwa mita kwa sekunde, uliopimwa katika kimo cha mapanga. Kizidisho cha 0.1 ni kidogo kwa sababu hakuna mapanga yanayoweza kutoa zaidi ya asilimia 59 ya nguvu ya upepo, na yale ya kupandisha maji hutoa pungufu sana ya hapo. Pampu nayo hupoteza sehemu, na zipo saa nyingi ambazo upepo ni dhaifu mno kuizungusha.

Tuchukulie kwamba kipimo katika shamba hilo ni mita 3.5 kwa sekunde mwezi wa Machi na 5.5 mwezi wa Julai, na kwamba wastani wa mwaka ni 4.5. Kwa upepo wa Machi kila mita ya mraba hutoa wati 4.3, hivyo zinahitajika mita za mraba 10.6, yaani duara lenye kipenyo cha mita 3.7. Kwa wastani wa mwaka hesabu hutoa kipenyo cha mita 2.5. Kwa upepo wa Julai, mita 1.9 tu. Mkulima aliyenunua mapanga ya mita 1.9 atapata Machi kama mita 5 za ujazo badala ya 20, na aliyefuata wastani wa mwaka atapata 9 au 10. Hiyo ni kama pampu yenyewe itaanza kuzunguka, jambo ambalo si la hakika.

Hapa ndipo tunaporudi Kakuyuni. Kipeo cha tatu kimo katika upepo, hakimo katika pampu ya pistoni. Pistoni hubeba nguzo ile ile ya maji katika kila mpigo, upepo uwe mkali au dhaifu, na uzito wa mzigo huo hutegemea eneo la silinda ambamo pistoni inapanda na kushuka. Silinda ya milimita 100 ina eneo karibu mara 1.8 ya ile ya milimita 75, na kwa kuwa nguvu ya kusokota ya mapanga hufuata kasi ya upepo mara kasi yenyewe, mashine inayoanza kuzunguka kwa mita 3 kwa sekunde ikiwa na silinda ya 75 itahitaji mita 4 ikiwa na silinda ya 100. Silinda kubwa huvutia macho Julai, kwa sababu kila mpigo hutoa maji mengi; Machi haianzi kabisa. Dalili yake ni ile niliyoieleza: chuma kinapanda kidogo, kinasita, kinarudi. Ukiiona, badilisha silinda kwa iliyo ndogo zaidi kabla ya kumlaumu fundi wa valvu. Wapo pia wanaotoboa tundu dogo katika pistoni, ili maji yavuje wakati wa mwendo wa polepole na mapanga yapate kuanza bila mzigo. Mwendo ukishakolea, tundu haliwahi kuvujisha maji mengi, na maji hupanda.

Baada ya ukubwa, mahali. Minazi, miembe na mikorosho hukwamisha upepo, na mivinje iliyopandwa kama fito leo itakuwa ukuta baada ya miaka michache. Mkulima anayesema mashine yake imezeeka aangalie kwanza upande wa kusi na upande wa kaskazi kama kuna miti iliyoota tangu iliposimikwa, kwa kuwa kushuka kwa kasi kutoka mita 4.5 hadi 3.6 kunatosha kuondoa nusu ya nguvu. Mapanga yawe juu ya kizuizi chochote cha karibu kwa mita kadhaa. Pale penye uwazi, kuinua mnara kutoka mita 6 hadi 12 kwa kawaida huongeza kasi kwa asilimia 10 hivi, na nguvu kwa theluthi moja, faida ambayo mara nyingi ni rahisi kuliko kununua mapanga makubwa zaidi.

Kipimo kichukuliwe kwa kipimaupepo kilichofungwa juu ya mlingoti kwa mwezi mzima wa Machi, usiku na mchana, kwa maana upepo wa bahari wa alasiri humdanganya anayepima mchana peke yake. Kisha kilinganishwe na kumbukumbu za kituo cha hali ya hewa cha Malindi za mwezi huo huo, ili ijulikane kama Machi hiyo ilikuwa ya kawaida au la.

Mashine iliyokadiriwa kwa Machi itakuwa kubwa kupita haja wakati wa kusi, na kwa visima vya visiwani, kama vile vya Shela kwenye matuta ya mchanga, ziada hiyo ni hatari. Maji matamu huko huelea juu ya maji ya chumvi, na kwa kila mita moja ambayo usawa wa maji matamu unashushwa, mpaka wa chumvi chini yake huweza kupanda kwa kadiri ya mita 40 baada ya muda. Funga ndani ya tangi boya linalovuta waya wa kukunja mkia wa mashine, ili tangi likijaa mapanga yaupe upepo ubavu na kusimama. Kuanzia Juni onja maji ya kisima kila wiki, jioni, baada ya siku nzima ya kupampu, au uyapime kwa kipimachumvi. Yakianza kukolea chumvi, kunja mkia kwa mkono na uache kisima kipumzike mpaka ladha irudi.