Kabla hujachora butani kwa mtindo wa Newman na grafu yake ya nishati

Kwanza hakikisha unatazama kifungo kinachotakiwa. Butani ni CH3–CH2–CH2–CH3, na kifungo tunachozungumzia ni cha katikati, kati ya kaboni ya 2 na ya 3. Ukichungulia kifungo cha pembeni utapata haidrojeni tatu upande mmoja, na grafu yako itatoka na vilele vitatu vyenye kimo kimoja. Ukiona hivyo, usihangaike kusahihisha grafu. Rudi ukahesabu kaboni.

Weka jicho kwenye mstari wa kifungo chenyewe, kama mtu anayechungulia ndani ya bomba. Kaboni ya mbele ni nukta ambapo mistari mitatu inakutana. Ya nyuma ni duara, na mistari yake inaanzia ukingoni, haiingii ndani ya duara. Mistari ya kaboni moja inaachana kwa nyuzi 120. Kila kaboni ibebe methili moja, yaani kundi la CH3, na haidrojeni mbili, basi kabla ya kuendelea hesabu: methili 2, haidrojeni 4.

Chora duara kubwa. Duara dogo ndilo linalokufanya ushindwe kutofautisha mkao wa kufunikana na ule wa kupishana, ambapo mistari ya nyuma inakaa katikati ya ile ya mbele. Kwenye mkao wa kufunikana, mistari ya nyuma iko nyuma kabisa ya ile ya mbele, na ukiichora kwa ukweli huo haitaonekana. Kwa hiyo ipinde kidogo pembeni, nyuzi kama 10 hivi, ili isomeke. Ukizidisha, msomaji atadhani umechora mkao mwingine.

Amua kaboni ipi itulie na ipi izunguke, halafu usibadili mawazo katikati ya kazi. Tuseme ya mbele imetulia: methili juu, haidrojeni chini kulia na chini kushoto. Ya nyuma inazunguka yote kwa pamoja, kama usukani wenye vishikizo vitatu. Kosa la kawaida ni kusogeza methili ya nyuma kwa nyuzi 60 na kuziacha haidrojeni zake palepale zilipokuwa. Kosa hili linajitangaza lenyewe: mistari miwili ya nyuma imebanana, upande wa pili kuna pengo la nusu duara nzima, na zile haidrojeni bado zimefunikwa na za mbele. Methili ikihama, wenzake wahame naye.

Sasa jambo ambalo limewapotezea watu alama nyingi kuliko mengine yote: sifuri yako iko wapi? Usiguse mhimili wa mlalo kabla hujajibu swali hilo kwa maandishi.

Kuna namna mbili za kusoma nyuzi, na zote ni halali. Ya kwanza inapima pembe kati ya methili mbili. Hapo sifuri ni pale methili ya nyuma inapojificha nyuma ya ile ya mbele, na nyuzi 180 ni pale zinapotazamana pande tofauti kabisa, yaani mkao wa anti. Ya pili inapima umezungusha kiasi gani tangu ulipoanza, na wengi huanzia kwenye anti kwa sababu ndio mkao uliotulia zaidi. Hapo anti ndiyo inakuwa sifuri.

Fikiria mwanafunzi aliyechukua grafu kutoka kitabu kinachoanzia anti, kisha majina ya mikao akayatoa kwenye madokezo yanayopima pembe kati ya methili. Grafu yake ni safi kabisa: inaanzia chini, kilele kwenye nyuzi 60, bonde kwenye 120, kilele kirefu kwenye 180, bonde tena kwenye 240, kilele kwenye 300, halafu inarudi chini kwenye 360. Sasa anabandika majina. Madokezo yanasema nyuzi 60 ni goshi, yaani mkao wa kupishana wenye methili mbili jirani, naye anaandika goshi juu ya kilele. Yanasema 120 ni kufunikana, naye anaandika kufunikana ndani ya bonde. Anafika 180, anaandika anti juu ya kilele kirefu kuliko vyote. Kila namba ni sahihi, kila jina ni sahihi, na jibu zima limepinduka juu chini.

Halikukosewa kidogo, limepinduka lote, na sababu inaonekana ukikaa ukahesabu. Namna hizo mbili zinapishana kwa nyuzi 180, wakati vilele vinarudi kila baada ya nyuzi 120. Ukisogeza kwa 180 umevuka mzunguko mmoja na nusu, kwa hiyo kila kilele kinaangukia penye bonde na kila bonde penye kilele. Ndiyo maana kosa hili halina dalili ya kati. Ama uko sawa kila mahali, ama umekosea kila mahali.

Dawa yake ni ndogo. Chini ya mhimili andika maneno kamili, "pembe kati ya methili mbili" au "nyuzi zilizozungushwa kutoka anti", si neno "nyuzi" peke yake. Kisha chora mchoro mdogo wa Newman chini ya kila kilele na kila bonde. Michoro yenye mistari inayofunikana ikae chini ya vilele, ile inayopishana ikae chini ya mabonde. Mchoro mmoja tu ukikataa kukaa mahali pake, simama hapo hapo.

Ukishapata mahali, tafuta vimo. Usivikariri, vihesabu. Kila jozi iliyofunikana ina gharama yake kwa kilojuli kwa moli: haidrojeni kwa haidrojeni ni 4, haidrojeni kwa methili ni 6, methili kwa methili ni 11. Kuanzia hapa nitatumia pembe kati ya methili. Kwenye nyuzi 0 methili inafunika methili, na jozi mbili zilizobaki ni haidrojeni tupu: 11 + 4 + 4, jumla 19. Kwenye nyuzi 120 methili ya nyuma imefunikwa na haidrojeni ya mbele, methili ya mbele imefunika haidrojeni ya nyuma, na jozi ya tatu ni haidrojeni kwa haidrojeni: 6 + 6 + 4, jumla 16. Nyuzi 240 ni hivyohivyo, 16. Anti tunaipa 0, kwa kuwa ndiyo kipimo chetu.

Goshi, kwenye nyuzi 60 na 300, ni 3.8. Wengi hapa wanaandika kwamba gharama hiyo inatokana na kufunikana. Hapana. Goshi ni mkao wa kupishana, hakuna mstari uliofunika mwingine. Kinachogharimu ni ujirani: methili mbili zimekaribiana mno, haidrojeni zake zikasogeleana, mawingu yake ya elektroni yakasukumana. Kwa sababu hiyohiyo, butani halisi ikiwa goshi hujifungua kupita nyuzi 60 kidogo. Kwenye mchoro wa darasani 60 inatosha.

Angalia na vizio kabla ya kunakili namba yoyote. Kuna vitabu vinavyotumia kilokalori, na butani ina mtego wake wa pekee hapa: 3.8 ni kimo cha goshi kwa kilojuli, na hapohapo ni kimo cha kilele cha nyuzi 120 kwa kilokalori. Ukichanganya vyanzo viwili utaona 3.8 mara mbili na kudhani umepata uthibitisho. Kwa kilokalori, mfululizo unaanzia anti 0, goshi 0.9, vilele vya pembeni 3.8, kilele kikuu 4.5.

Ukiulizwa kizingiti, yaani nishati ya kuvuka kilele, uliza kutoka wapi kwenda wapi. Anti kwenda goshi ni 16. Goshi kurudi anti ni 16 ukitoa 3.8, yaani 12.2, kwa kuwa unaanza ukiwa tayari umepanda. Goshi kwenda goshi ya upande wa pili, kwa kupitia nyuzi 0, ni 19 ukitoa 3.8, yaani 15.2. Kilele kinasomwa kutoka kwenye bonde ulilosimama, si kutoka sifuri ya grafu.

Na zile goshi mbili usizifanye moja. Ni mikao miwili, mmoja ni sura ya mwenzake kwenye kioo, na nishati yake ni ileile. Kwenye grafu hilo halisumbui. Linasumbua unapoulizwa ni asilimia ngapi ya molekuli ziko anti. Kwa nyuzijoto 25 za Selsiasi, RT, yaani kigezo cha gesi mara halijoto kwa kelvini, ni karibu kilojuli 2.48 kwa moli. Gawanya 3.8 kwa 2.48, unapata 1.53, na e kwa kipeo cha hasi 1.53 ni kama 0.216. Hiyo ni goshi moja kwa kila anti moja. Ukiishia hapo utagawanya 1 kwa 1.216 na kutangaza asilimia 82 ni anti. Lakini goshi ziko mbili: 0.432. Gawanya 1 kwa 1.432 na jibu linashuka hadi karibu asilimia 70, goshi zikichukua 30 zilizobaki.

Kwenye vilele usihesabu asilimia. Kilele ni mahali pa kupita, molekuli haikai pale. Mstari wa grafu nao uwe laini, usichore pembe kali kama paa la nyumba, na uhakikishe nyuzi 360 inaishia kwenye kimo kilekile cha nyuzi 0.

Usiite mikao hii isoma tofauti zinazoweza kutengwa kwenye chupa. Kwa joto la chumba vizingiti hivi ni vidogo, na kila molekuli inavivuka mara mabilioni kwa sekunde. Hizo 4, 6 na 11 nazo ni za kukadiria. Kwenye propani zinafanya kazi: 6 + 4 + 4 ni 14, na ndicho kimo cha vilele vyake vyote vitatu. Kwenye molekuli zenye klorini au kundi la haidroksili usizipeleke, tafuta namba zake. Na kama kaboni zimefungwa kwenye pete, usichore mzunguko wa nyuzi 360 hata kidogo, kwa sababu kifungo hicho hakiwezi kuzunguka bila pete kukatika.