“Kwa nasibu” haieleweki

Sentensi inayowapotosha wengi kwenye karatasi ya maelezo ambayo mtu husomewa kabla ya kukubali kushiriki utafiti wa dawa ni hii: “Washiriki watagawanywa kwa nasibu.” Iandike hivi: “Wengine watapata dawa mpya, wengine ya kawaida. Kundi lako litaamuliwa kwa bahati tu, kama kurusha sarafu. Daktari hachagui, nawe huchagui. Bado hatujui ipi ni bora.” (Nilijaribu “kupiga kura”, watu wakawaza uchaguzi.)

Ukishamsomea mtu, usimuulize “Umeelewa?” Atasema ndiyo kwa heshima. Uliza: “Nani ataamua upate dawa ipi?” Akijibu “daktari, ataona inayonifaa,” kosa ni la karatasi. Rekebisha, msomee mwingine. Toleo jipya lipitishwe na kamati ya maadili kabla halijatumika.