Somo: Kutunga sestina, na jinsi neno lilelile linavyorudi na maana nyingine

Sestina ni shairi la mishororo 39: beti sita za mishororo sita sita, kisha kituo cha mishororo mitatu. Asili yake ni watunzi wa Provansi, kusini mwa Ufaransa, wa karne ya 12, na Arnaut Daniel ndiye anayehesabiwa kuwa mwanzilishi. Haidai vina. Kinachoishikilia ni maneno sita yanayomaliza mishororo ya ubeti wa kwanza, ambayo hurudi katika kila ubeti kwa mpangilio mwingine. Aliyezoea kikwamba au pindu anajua utamu wa neno linalorudi. Hapa linarudi mwishoni, na haliruhusiwi kurudi bure.

Hatua ya kwanza: chagua maneno sita

Usichague yote yenye maana nyingi, shairi litageuka fumbo. Mawili au matatu ya aina hiyo yanatosha. Mengine yawe majina ya vitu vya kawaida, vinavyoweza kuonekana na kushikwa. Epuka dhana kama "upendo" au "uhuru", kwa sababu ukifika ubeti wa tatu utakuwa unahubiri. Tutatumia: 1 paa, 2 mwezi, 3 mkono, 4 kaa, 5 mlango, 6 maji.

Hatua ya pili: andika ramani kabla ya shairi

Kanuni ni moja tu. Chukua ubeti uliotangulia, anza na neno la mwisho, kisha la kwanza, la tano, la pili, la nne, la tatu. Ubeti unaofuata unafanyiwa hivyohivyo.

```
1 2 3 4 5 6
6 1 5 2 4 3
3 6 4 1 2 5
5 3 2 6 1 4
4 5 1 3 6 2
2 4 6 5 3 1
```

Andika maneno yenyewe pembezoni mwa karatasi, mishororo yote 36, ndipo uanze kutunga.

Hatua ya tatu: soma umbali

Hapa ndipo wengi wanapopita haraka. Fuata neno la nne, *kaa*. Linaangukia mishororo ya 4, 11, 15, 24, 25 na 32. Kati ya 15 na 24 kuna nafasi ya mishororo minane, lakini 24 na 25 zinafuatana. Neno likirudi baada ya umbali mrefu, msomaji amekwisha kulisahau kidogo, hivyo hata maana ya zamani itasikika mpya. Likirudi papo hapo, lazima maana iruke mbali, la sivyo litasikika kama kigugumizi.

Kila neno la mwisho wa ubeti hukutana na nafsi yake hivyo mpakani, kwa kuwa ndilo linalofungua ubeti unaofuata. La sita hukutana mapema kuliko yote, mishororo ya 6 na 7, kwa hiyo nafasi hiyo mpe neno linalogeuka kwa urahisi. La kwanza linafungua shairi na kufunga ubeti wa sita. Hilo lipe neno litakalobeba uzito wa mwisho.

Hatua ya nne: tunga

Mfano una mizani 12 kwa kila mshororo. Mizani si sharti la sestina, ila inasaidia sikio.

Mvua imekoma, ladondosha paa,
matone yahesabu siku za mwezi;
mama afuta kioo kwa mkono,
jikoni nako limezimika kaa,
mtu kasimama, hagongi mlango,
na viatu vyake vimejaa maji.

Kavulia nguo, ayaoge maji;
moyo wamwambia: usingoje, paa;
samahani yake haina mlango.
Wingu lasogea, lauacha mwezi;
akili nayo yajibu: bado, kaa;
mama naye ndani akunja mkono.

Maji ya viatuni yamekuwa maji ya methali: mtu huyu amekwisha kuyavulia nguo, hana budi kuyaoga. Mwezi wa kalenda umekuwa mwezi wa angani. Paa la nyumba limekuwa amri ya kuruka. Mlango haukubadilika sauti wala ngeli, ila sasa unazungumzia neno la msamaha lisilo na pa kuingilia. Na mkono wa mwisho ninaupenda zaidi, kwa sababu hatujui kama mama anakunja mkono wa nguo aanze kazi au anauondoa usipokelewe. Utata wa namna hiyo una thamani kuliko maana mpya kabisa, maana msomaji anabaki na zote mbili.

Sasa *kaa* liendelee. Mshororo wa 15: "hatua za kando, kama zake kaa", yaani yule mnyama wa pwani, na wakati huohuo woga wa anayekwepa mlango. Kisha mpaka wa ubeti wa nne na wa tano:

majivu yasogea, lang'aa kaa.

Karibu ndani, mwanangu, njoo, kaa.

Kaa lililozimika katika mshororo wa 4 lilikuwa na moto chini ya majivu, na mara tu tunapoliona, neno hilohilo linakuwa mwaliko. Hadi hapo maana zimetumika zote. Mshororo wa 32 usitafute nyingine. Acha moto na kuketi visikike pamoja.

Hatua ya tano: kituo

Mishororo mitatu, kila mmoja maneno mawili, moja katikati na moja mwisho. Mpangilio mmoja unaotumika ni 2 na 5, 4 na 3, 6 na 1. Kituo hakileti habari mpya. Kinakutanisha maneno ambayo hayajawahi kukaa mshororo mmoja.

Maswali ya wanachama

Mwalimu, naweza kuandika "makaa" au "akikaa" badala ya "kaa"?
Unaweza, ila amua mwanzoni. Kitenzi cha Kiswahili hubeba viambishi, na ukiviruhusu una uhuru mkubwa wa nafsi na wakati. Hasara yake ni kwamba sikio linapoteza umbo lilelile, na mshtuko wa mpakani unapungua. Mfano wetu umetumia amri, ambayo huacha kitenzi kikiwa wazi. Ukiruhusu viambishi, angalau mishororo miwili ya mpakani ibaki na neno tupu.

Ubeti wangu wa nne umekuja 5 3 2 6 4 1. Nimekosea wapi?
Umegeuza nafasi mbili za mwisho: baada ya la pili umechukua la tatu, kisha la nne. Dalili ni mbili. Ubeti wa tano utaanza na *paa* badala ya *kaa*. Pia ukisoma ramani kutoka juu kwenda chini, kila safu inapaswa kuwa na namba zote sita bila kurudia; safu ya tano yako ina 4 mara mbili, ubeti wa pili na wa nne.

Paa na kaa zina kina kimoja. Si kasoro?
Hapana, zikiwa mbili tu na zikipingana kama "usingoje, paa" na "bado, kaa". Zikifika tatu, msomaji ataanza kusubiri vina, na mpangilio utamwonekea umevurugika.

Nikifika ubeti wa tano kila mshororo unaonekana umelazimishwa.
Angalia kama kila sentensi yako inaishia mwisho wa mshororo. Hapo neno linakuwa kama nukta, na msomaji analiona likija kutoka mbali. Tumia mishata: sentensi ianze katikati ya mshororo, ivuke neno la mwisho, imalizikie mshororo unaofuata. "Mama afungua mlango / wa kabati, si wa nje" linageuza mlango baada ya msomaji kudhani amekwisha kuuelewa.