Somo: Supatrendi kama mstari wa kutokea sokoni

Katika somo hili supatrendi, mstari unaoifuata bei kwenye chati, tutaipa kazi moja tu, nayo ni kutuonyesha mahali pa kufunga oda ya kununua ambayo tayari iko wazi. Kuitumia kuingilia sokoni ni jambo jingine, na kwa maoni yangu huko ndiko inakowaumiza wengi.

Hatua ya kwanza. Fungua chati ya siku ya dhahabu, weka `Supertrend`, kisha uache `ATR Length` iwe 10 na `Factor` iwe 3. ATR, kipimo alichokieleza Welles Wilder mwaka 1978, ni wastani wa mwendo wa bei kwa siku, pamoja na pengo lolote kutoka bei ya kufunga ya jana.

Hatua ya pili. Fuatilia mstari unavyopanda. Tuseme katikati ya mshumaa ni dola 2,400 na ATR ni 30: `Factor` 3 mara 30 ni 90, hivyo mstari utakaa 2,400 kutoa 90, yaani 2,310. Kesho yake katikati ni 2,430 na ATR 31, hivyo mstari unapanda hadi 2,337. Siku ya tatu bei inayumba sana, katikati inashuka hadi 2,415 na ATR inafika 34. Hesabu inatoa 2,313, lakini mstari unabaki 2,337, kwa sababu maadamu bei haijafunga chini yake, hauruhusiwi kushuka.

Hatua ya tatu. Subiri mshumaa ufunge. Kwa madalali wanaofuata saa za New York, hiyo ni saa sita usiku hapa Mtwara, au saa saba wakati wa majira ya baridi ya Marekani. Kabla ya hapo mstari unaweza kubadili rangi na kurudi ulivyokuwa. Sioni haja ya kukesha: asubuhi, ukikuta bei imefunga chini ya mstari, toka, huku stopu losi ya dharura ikiwa imekaa chini zaidi usiku kucha.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, kwa nini mstari hugeuka kila baada ya siku chache?*
Soko linakwenda pembeni. Utalitambua kwa mstari uliolala na rangi zinazopishana karibukaribu. Anayeingia kila rangi inapogeuka hulipa hasara kila mara, ilhali anayetokea tu huumia mara moja. Ukishusha `Factor` hadi 2 migeuko itaongezeka. Ukiipandisha hadi 4 itapungua, lakini utarudisha faida kubwa zaidi kabla ya kutoka, na itakubidi upunguze ukubwa wa oda.

*Niko Lindi. Naweza kuitumia kwa bei za minada ya ufuta?*
Hapana. Minada haifanyiki kila siku, hivyo kupata vipimo 10 kutakula sehemu kubwa ya msimu, na mzigo ukishauzwa mnadani huna oda iliyobaki wazi ya kulindwa na mstari.