Somo: Kudai malipo ya kuokoa meli iliyo hatarini

Tuchukue mfano wa kubuni. Meli ya shehena imezimika injini nje ya mlango wa Kilindini, na kusi inaisukuma kwenye mwamba. Tagi yako ndiyo iliyo karibu.

1. Kabla ya kutupa kamba, kubalianeni kwa redio kwamba kazi ni ya uokoaji, si ya kukokota kwa bei ya saa. Nahodha wa meli hiyo ana mamlaka ya kuwafunga kwa mkataba mwenye meli na wenye shehena, na neno la mdomo latosha. Rekodi saa, upepo, umbali kutoka mwambani na hali ya injini, maana bila hatari hakuna dai la uokoaji. Fomu ya mkataba ya Lloyd's ndiyo iliyozoeleka: bei huachwa wazi, mwamuzi ataipanga.

2. Pasipookoka kitu, hapalipwi. Ndiyo kanuni ya Mkataba wa Uokoaji wa 1989. Kikiokoka, malipo hayawezi kuzidi thamani ya kilichookoka, ikipimwa kazi inapokwisha. Tuseme meli ni dola 4,000,000 na shehena 6,000,000. Mwamuzi akitoa 800,000, meli italipa 320,000 na shehena 480,000, kila mmoja kwa sehemu yake. Kontena za 1,000,000 zikianguka njiani, hesabu inaanzia 9,000,000. Mwamuzi hutazama pia ukubwa wa hatari, ustadi wako, wepesi wako na juhudi za kuzuia uchafuzi.

3. Hapa ndipo wengi huumia: chombo kimefika gatini, wakala anaomba kiondoke haraka. Meli na shehena zisitoke bandari ya kwanza zilipofikishwa bila idhini yako mpaka dhamana iwekwe. Dai dhamana kwa maandishi siku hiyohiyo, ya meli kando na ya shehena kando. Ukiachia mikono mitupu, utaifukuza meli bandari za mbali.

4. Fungua kesi mahakamani au shauri mbele ya mwamuzi ndani ya miaka 2 tangu kazi ilipokwisha.

Maswali ya wanachama

*Kamba ikikatika, meli ikazama, dizeli yetu je?*
Gharama ni yako. Ila kama meli ilitishia kuchafua bahari, mwenye meli hurudisha gharama halali, na ukizuia uchafuzi kweli huongezwa hadi asilimia 30 ya gharama hizo, mara chache hadi 100. Na kama haikuzama, bali tagi nyingine iliiokoa kwa sababu wewe uliizuia isifike mwambani, una fungu lako.

*Kapteni, tukiokoa mabaharia tu?*
Hao hawadaiwi hata senti, na kuwaokoa ni wajibu. Lakini mwingine akiokoa meli katika ajali hiyohiyo, mna haki ya sehemu ya malipo yake.

*Tayari tulikuwa na mkataba wa kuikokota meli hiyo.*
Basi mnalipwa kwa mkataba, isipokuwa kazi iliyozidi kabisa mlichokubaliana.