Kabla hujataja mshahara, anza na fedha unayotaka iingie benki

Mwajiri wa Tanzania Bara akikuuliza unataka kiasi gani, yeye anawaza mshahara ghafi, wewe unawaza kodi ya nyumba na ada. Hesabu ifanyike nyumbani, kabla ya usaili, na ianzie mwishoni kurudi mwanzo.

Kwanza jua kinachokatwa. NSSF huchukua asilimia 10 ya mshahara ghafi, na makato hayo hutolewa kabla ya kodi. Kinachobaki ndicho kinachotozwa PAYE. Kwa viwango vilivyoanza Julai 2021, kiasi hicho kikifika milioni 1 kodi ni 128,000, na kila shilingi ya juu yake hukatwa asilimia 30. Bajeti husomwa kila Juni, kwa hiyo angalia jedwali la TRA la mwaka husika.

Tuseme unataka mkononi 1,200,000. Wengi hutazama hati yao ya mshahara ya sasa, wakaona wanakatwa robo hivi, wakaongeza robo juu ya lengo na kutaja 1,500,000. Ukikata NSSF inabaki 1,350,000, kodi ni 233,000, unapokea 1,117,000. Umepungukiwa 83,000 kila mwezi, na mkataba umeshasainiwa.

Njia sahihi ni hii: toa 172,000 kwenye lengo, gawanya kwa 0.63. Hiyo 172,000 ni nafuu unayoipata kwa kuwa milioni ya kwanza hutozwa viwango vya chini, na 0.63 ndiyo inayobaki baada ya NSSF na kodi ya asilimia 30. Jibu ni takriban 1,632,000. Kanuni hii inafaa lengo likizidi 872,000. Chini ya hapo viwango vya kodi ni vingine.

Sasa jiulize kama unadaiwa na Bodi ya Mikopo. Hapa ndipo wahitimu wengi huumia, maana marejesho ni asilimia 15 ya mshahara wa msingi na hayapunguzi kodi. Kama mshahara wako wote ni wa msingi, kigawanyo kinashuka hadi 0.48, na lengo lilelile linahitaji takriban 2,142,000. Tofauti ni zaidi ya laki tano! Mwajiri asipokubali kubeba pengo hilo lote, afadhali ulijue mapema kuliko kulikuta kwenye malipo ya kwanza.

Uliza pia mgawanyo wa mshahara wa msingi na posho. Posho ya nyumba au usafiri inayolipwa taslimu kila mwezi hutozwa kodi kama mshahara, lakini kwa mwenye mkopo hupunguza kiasi kinachopigiwa ile asilimia 15.

Kwenye mazungumzo, mwajiri akikuongezea laki moja, kumbuka mkononi inafika 63,000, au 48,000 ukiwa na mkopo na nyongeza ikiingia kwenye mshahara wa msingi. Na akisema “tutakupa milioni moja na nusu”, muulize palepale: ghafi, au ya mkononi? Jibu liandikwe kwenye barua ya ajira.