Somo: Barua ya mwajiri kuthibitisha ajira na mshahara wa mfanyakazi anayeomba mkopo

Habari za Jumatatu, wanajukwaa. Wiki iliyopita niliahidi somo la barua hii, baada ya wenzetu watatu wa Masasi na Lindi kurudishiwa barua zao na benki. Mimi ni afisa utumishi katika kampuni ya kubangua korosho hapa Mtwara, na barua hizi naziandika mwaka mzima. Ninachoeleza ni cha sekta binafsi: viwanda, maghala, shule, mahoteli.

Kwanza, ombi la mfanyakazi kwa maandishi. Hata mistari miwili inatosha: "Naomba ofisi iithibitishie benki fulani ajira na mshahara wangu." Mshahara wa mtu ni siri yake, na tangu ije Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 huna sababu ya kumtajia mtu wa tatu bila ridhaa yake. Karatasi hiyo ibaki kwenye faili.

Pili, fungua faili lake kabla ya kompyuta. Hakikisha jina kwenye mkataba ni lile lile lililo kwenye kitambulisho cha NIDA. Huku kwetu mtu anaitwa jina moja kazini, lingine kwenye kitambulisho, na barua inarudi kwa herufi moja tu. Angalia pia tarehe ya kuajiriwa, cheo, aina ya mkataba, na kama ni wa muda maalumu, unaisha lini.

Tatu, mshahara. Hapa ndipo penye kazi, na hapa ndipo nilipoteleza mwenyewe.

Tuchukue mtunza ghala wetu mmoja. Mshahara wa msingi ni 700,000, posho ya nyumba ya kila mwezi 100,000. Jumla 800,000. NSSF upande wake ni asilimia 10, yaani 80,000. Inayobaki kutozwa kodi ni 720,000. PAYE yake ni 20,000, ukijumlisha asilimia 20 ya kile kinachozidi 520,000, ambayo ni 40,000, jumla 60,000. Anabaki na 660,000. Ana akiba ya Saccos 80,000 kila mwezi, kwa hiyo mkononi anapokea 580,000.

Msimu wa korosho ukianza, Oktoba kuendelea, magari yanaingia usiku na ovataimu inapanda. Mwaka ule malipo yake yote kwa mwezi yalifika 1,050,000. Akaja Desemba kuomba barua, nami kwa haraka za msimu nikaandika: "Analipwa shilingi 1,050,000 kwa mwezi." Sikudanganya, ndicho alicholipwa mwezi ule. Benki ikapiga hesabu yake, ikampa mkopo wenye rejesho la 400,000. Machi ghala likawa tupu, ovataimu ikakatika. Ukitoa 400,000 kwenye 580,000 inabaki 180,000. Kipimo kinachojulikana ni kwamba makato yote yamwachie mtu angalau theluthi moja ya mshahara wa msingi, na kwake theluthi ni 233,333. Alikaa mezani kwangu na salari slipu mkononi, hakusema neno, akaikunja mara nne akaitia mfukoni. Ningeandika sawasawa, rejesho lake lisingezidi kama 346,000.

Tangu siku hiyo natenganisha mambo matatu: mshahara wa msingi, posho za kudumu, na malipo yanayobadilika. La tatu ama siliandiki kabisa, ama naandika wazi kwamba ni la msimu na halina uhakika. Kisha makato yote, hata yale ambayo mfanyakazi angependa yasionekane. Benki itaomba salari slipu za miezi mitatu na taarifa ya akaunti. Namba zikipishana na barua yako, anayetiliwa shaka ni yeye, na wewe pia.

Nne, iandike fupi. Karatasi yenye nembo ya ofisi, kumbukumbu namba, tarehe, jina la benki na tawi. Usiandike "Kwa yeyote anayehusika". Barua ya namna hiyo huzunguka benki tatu kwa siku moja. Mfano:

> YAH: UTHIBITISHO WA AJIRA NA MSHAHARA WA NDUGU (majina matatu)
>
> Tunathibitisha kuwa mtajwa hapo juu ni mwajiriwa wetu tangu (tarehe), kwa cheo cha Mtunza Ghala, kwa mkataba wa kudumu.
>
> Mshahara wake wa msingi ni Sh. 700,000 na posho ya kudumu ya nyumba Sh. 100,000 kwa mwezi. Baada ya NSSF (80,000), PAYE (60,000) na Saccos (80,000), anapokea Sh. 580,000, inayopitia akaunti namba (…) katika benki yenu.
>
> Barua hii imetolewa kwa ombi lake kwa ajili ya maombi ya mkopo. Ni uthibitisho wa taarifa zilizomo tu, wala si dhamana ya mkopo huo.

Saini, jina na cheo cha aliyesaini, muhuri, na simu ya ofisi inayopokelewa. Benki hupiga kuhakiki, na mlinzi akijibu "huyo simjui" faili linawekwa pembeni. Baki na nakala.

MASWALI YA WANACHAMA

Kutoka Nachingwea: Shikamoo mkuu. Mwalimu wetu ana mkataba unaoisha Juni mwakani, anataka mkopo wa miaka miwili. Ananibembeleza niandike "mkataba wa kudumu". Nifanyeje?

*Jibu:* Marahaba. Usiandike. Siku mkataba ukiisha, benki itakuja na barua yenye saini yako. Andika tarehe ya mwisho kama ilivyo, naye aombe mkopo mdogo unaokwisha kabla ya Juni. Kama shule kweli ina nia ya kumwongezea, mwongezeeni mkataba kwanza, ndipo uandike barua.

Kutoka Kilwa Masoko: Kaka, fomu ya benki ina sehemu mwajiri anaahidi kukata rejesho kila mwezi, na akiacha kazi tulipe deni lote kutoka mafao yake. Nisaini tu?

*Jibu:* Hiyo si barua tena dada, ni ahadi, na anayefaa kuisaini ni mkurugenzi. Sheria ya Ajira ya 2004, kifungu cha 28, hairuhusu kukata deni kwenye ujira bila makubaliano ya maandishi ya mfanyakazi, kwa hiyo saini yake itangulie. Kuhusu mafao, sisi tunafuta "deni lote" na kuandika: "tutaijulisha benki ajira ikikoma, na kuwasilisha kiasi alichokiridhia kwa maandishi kutoka stahiki zilizo mikononi mwetu." Mafao ya NSSF hayako mikononi mwetu, tusiyaahidi.

Kutoka Newala: Binti wetu wa mapokezi alisoma kwa mkopo wa Bodi ila bado hatujaanza kumkata. Barua iseme nini?

*Jibu:* Anzeni kumkata kwanza, maana mwajiri ana wajibu huo. Ni asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Kwa mtu wa 600,000 ni 90,000. Mkiiacha nje ya barua, benki itampa rejesho linalojaza nafasi yote, kisha makato ya Bodi yaje juu yake.

Kutoka Newala tena: Analipwa 450,000.

*Jibu:* Basi ni 67,500. Weka mstari huo kwenye salari slipu ya mwezi huu, barua uiandike mwezi ujao.